Dodoki lililochacha: Kuua vijidudu ni nusu ya kazi

Dodoki la kuoshea vyombo likianza kunuka uchachu, walio wengi hukimbilia kitu chenye nguvu: limau, siki, magadi, jiki au maji yanayochemka. Harufu huondoka, dodoki hurudishwa kando ya sinki, na kesho yake jioni uvundo uleule umerudi. Hapo lawama huangukia dawa, kwamba haikuwa kali au haikukaa muda wa kutosha. Makala haya yanashikilia hoja nyingine. Baadhi ya njia hizo hufanya kazi yake, tena vizuri sana, na kinachoziangusha ni saa zinazofuata, pale dodoki au kitambaa kinapoachwa kimelowa. Kuua vijidudu ni kununua muda tu. Anayetaka kitambaa kisichonuka inambidi ajue amenunua saa ngapi, na azitumie kukikausha.

Tuanze na harufu yenyewe. Maji safi hayachachi, na sabuni haichachi. Kinachochacha ni chakula. Kila sahani inayosuguliwa huacha kitu ndani ya dodoki: unga wa ugali uliolainika, tui la nazi, mafuta ya mchuzi, tone la maziwa, uji uliobaki kwenye kikombe cha mtoto. Mabaki hayo huingia katika vijitundu vya dodoki au katikati ya nyuzi za kitambaa, na bakteria huyala. Wanapovunja wanga, maziwa na mafuta hutoa asidi nyepesi zinazopaa hewani kwa urahisi, nazo ndizo pua inazozitambua kama uchachu. Kwa hiyo mambo matatu lazima yakutane ili kitambaa kinuke: chakula, joto la kadiri na maji. Joto la Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hatuna uwezo wa kulipunguza. Yanayobaki mikononi mwetu ni chakula na maji, na kati ya hayo mawili, maji ndiyo yanayoamua kasi, maana bakteria aliyekauka hawezi kuzaana hata akizungukwa na chakula.

Kasi hiyo inafaa kuhesabiwa, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayoeleza kwa nini watu wanakata tamaa. Bakteria huongezeka kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Tuseme kwamba katika kitambaa kilicholowa, chenye mabaki ya chakula, usiku wa joto, hujigawa kila nusu saa. Hilo ni jambo la kawaida kwa bakteria wengi wa jikoni hali ikiwa nzuri kwao. Baada ya kujigawa mara kumi, yaani saa tano, mmoja amekuwa zaidi ya elfu moja. Sasa geuza hesabu hiyo. Dawa inayoua asilimia 99.9 ya bakteria huacha mmoja katika kila elfu. Kama kitambaa kimebaki kimelowa na bado kina chakula, huyo mmoja anahitaji saa tano tu kurudisha elfu nzima. Aliyekitia dawa saa tatu usiku na kukikunja juu ya bomba amenunua usalama hadi saa nane za usiku. Asubuhi anapowasha jiko kupika chai, kitambaa chake kiko pale kilipokuwa jana.

Hesabu hiyo haibadiliki sana hata dawa ikiwa bora kuliko zote. Mwaka 2007 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika kituo chao cha Beltsville jimboni Maryland, walilinganisha njia za kusafisha madodoki waliyokuwa wameyachafua makusudi kwa nyama ya kusaga ili bakteria waote. Mengine yaliloweshwa katika maji yenye klorini kwa dakika tatu, mengine katika maji ya limau kwa dakika moja, mengine katika maji matupu. Mengine yalitiwa katika maikrowevu yakiwa yamelowa kwa dakika moja, na mengine katika mashine ya kuoshea vyombo hadi hatua ya kukausha. Klorini, limau na maji matupu viliua kati ya asilimia 37 na 87 ya bakteria. Mashine iliua asilimia 99.9998, na maikrowevu asilimia 99.99999. Joto kali lenye unyevu liliziacha dawa nyingine mbali. Lakini hata ushindi huo wa maikrowevu, ambao unabakiza bakteria mmoja katika kila milioni kumi, kwa hesabu yetu ya nusu saa unafutika baada ya kujigawa mara ishirini na nne hivi, yaani saa kumi na mbili. Njia bora kabisa iliyopimwa inanunua nusu siku kama dodoki litaachwa limelowa.

Matokeo ya klorini katika jaribio hilo yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu wengi huiamini jiki kuliko moto. Klorini haichagui cha kushambulia. Ikikutana na damu ya nyama, mafuta au unga, huungana navyo na kuishiwa nguvu kabla haijawafikia bakteria waliojificha ndani ya vijitundu. Dodoki lililojaa mabaki huimeza dawa yote. Funzo lake kwa jikoni si kwamba klorini haina maana, bali ni kwamba kufua hutangulia dawa. Kitambaa kilichofuliwa vizuri kisha kikaloweshwa katika klorini ni kitu tofauti kabisa na kitambaa kichafu kilichotumbukizwa katika ndoo ya klorini, hata kama maji ya ndoo zote mbili yana nguvu sawa.

Pingamizi kubwa dhidi ya kazi yote hii lilitoka Ujerumani mwaka 2017, na magazeti mengi duniani yakaandika kwamba dodoki ni chafu kuliko choo. Watafiti wakiongozwa na Massimiliano Cardinale na Markus Egert walichunguza madodoki 14 yaliyokuwa yametumika majumbani katika eneo la Villingen-Schwenningen. Mahali pengine ndani ya madodoki hayo walikuta bakteria hadi bilioni 54 katika sentimita moja ya ujazo. Lililowashangaza zaidi ni kwamba madodoki ambayo wenyewe walisema huyasafisha kila mara kwa maji ya moto yenye sabuni au kwa kuyatia katika maikrowevu hayakuwa na bakteria wachache kuliko mengine. Wakashauri watu wabadilishe dodoki kila wiki. Tangu hapo imekuwa kawaida kusikia kwamba kuchemsha ni kupoteza gesi.

Ukiyaweka matokeo hayo kando ya yale ya Maryland, yanaonekana kupingana: huku joto linaua karibu kila bakteria, kule madodoki yaliyopashwa joto yamejaa tele. Ugomvi huo unaisha mara tu unapouliza vipimo vilichukuliwa lini. Wamarekani walihesabu mara baada ya kupasha joto. Wajerumani walihesabu madodoki yaliyotoka jikoni yakiwa kazini, saa au siku kadhaa baada ya kusafishwa, na tena walitegemea maelezo ya wenye nyumba kuhusu usafi huo. Madodoki 14 ni machache, na hakuna aliyesimamia namna yalivyosafishwa. Hata hivyo jibu lao ni la kweli na linaafikiana na hesabu yetu: waliobaki walirudi wakaijaza nyumba. Utafiti huo haukuonyesha kwamba joto haliui. Unaelekea kuonyesha kwamba kuua peke yake hakudumu.

Basi mwingine atasema: kama kukausha ndio siri, tuache moto na dawa, tuanike tu juani. Jua linasaidia sana, lakini peke yake halitoshi kwa kitambaa ambacho tayari kimechacha. Mwaka 2012 watafiti wa Kijapani walieleza chanzo cha ile harufu ya nguo iliyofuliwa, ikakauka, kisha ikanuka tena mara tu inapopata unyevu. Walimkuta bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayetengeneza asidi yenye harufu hiyo, na wakabaini kwamba ni mgumu: hustahimili ukavu na miale ya jua kuliko wenzake wengi. Ni jamaa wa baadhi ya bakteria waliokutwa kwa wingi katika madodoki ya Ujerumani. Huyu akikauka hafi, husubiri. Ndiyo maana kitambaa kinaweza kutoka kwenye kamba kikiwa hakina harufu yoyote, kisha kikanuka dakika chache baada ya kuchovywa katika maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo kazi ina hatua tatu zisizoweza kubadilishana nafasi: kufua ili kuondoa chakula, joto au klorini ili kuua, na kukausha ili waliosalia wasizaane.

Chukulia kitambaa cha pamba cha kufutia vyombo, cha ukubwa wa leso, katika nyumba ya Dar es Salaam mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kimetumika siku tatu, kinateleza kidogo mkononi, na kinanuka. Utelezi huo ni dalili muhimu kuliko harufu: ni utando ambao bakteria huujenga ili washikamane na nyuzi, na ndani yake dawa hupenya kwa shida. Hatua ya kwanza ni kukisuuza katika maji baridi, siyo ya moto. Maziwa, yai na damu ya nyama vina protini, na protini ikipigwa na maji ya moto huganda na kung'ang'ania nyuzi. Maji yakishatoka bila ukungu, ndipo kipakwe sabuni ya kufulia na kisuguliwe kwa mikono, kitambaa kwa kitambaa, kwa dakika mbili au tatu, hasa kwenye pindo ambako kimekunjwa mara mbili. Mafuta yakiwa mengi, maji ya pili yawe ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Utelezi ukiisha na povu likabaki jeupe, kufua kumekamilika. Ukiendelea kuuhisi utelezi, rudia, maana hatua inayofuata itategemea hii.

Hatua ya pili ni kuchemsha. Tia maji katika sufuria kuukuu ya kutosha kukifunika kitambaa kabisa, yachemke kwa nguvu, kisha kitumbukize na kukisukuma kwa mwiko ili pasiwe na pembe inayoelea. Dakika tano za kuchemka zinatosha. Bakteria wa kawaida wa jikoni, wakiwemo wale wanaosababisha kuhara, hufa haraka katika joto lenye unyevu likipita digrii 70, na dakika hizo tano zipo ili joto lifike katikati ya kitambaa kilichokunjamana. Hata Nairobi, ambako maji huchemka yakiwa na kama digrii 94 kwa sababu ya mwinuko, nafasi inabaki kubwa. Kuna mipaka yake: baadhi ya bakteria hutengeneza mbegu ngumu zinazopita salama katika maji yanayochemka, kwa hiyo kitambaa kilichochemshwa si kitambaa kisicho na uhai kabisa. Kwa kuoshea vyombo hilo halina neno, alimradi hatua ya tatu isirukwe. Na anayelalamikia gesi anaweza kutumia makaa yanayobaki ugali ukishaiva, kwa kuwa sufuria ndogo ya maji haihitaji jiko jipya.

Pale ambapo kuchemsha hakuwezekani, jiki inafaa, mradi ipimwe. Nyingi zinazouzwa madukani huwa na kemikali yake kuu kwa kiasi cha asilimia 3.5; kibandiko cha chupa kitasema. Kwa nguvu hiyo, vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji baridi hutoa dawa ya kama asilimia 0.1, nayo inatosha kwa kitambaa kilichokwisha kufuliwa. Kiloweshwe dakika kumi kikiwa kimezama chote, kisha kisuuzwe mara mbili. Maji ya moto huidhoofisha klorini, na vilevile chupa iliyokaa miezi mingi karibu na dirisha lenye jua. Dawa iliyochanganywa asubuhi haifai kuwekwa akiba ya kesho. Kuongeza kipimo hakuharakishi kazi, ila hula nyuzi za pamba, na kitambaa kinachomeguka huacha vipande vyake katika vikombe. Onyo moja halina mjadala: jiki isichanganywe na limau wala siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Anayefikiri anaunganisha nguvu za dawa mbili anatengeneza sumu katika chumba kidogo.

Mwenye maikrowevu anaweza kulitia dodoki humo kwa dakika moja au mbili, kwa sharti kwamba limelowa chapachapa. Kinachoua ni maji yaliyomo yanayogeuka mvuke. Dodoki kavu halina maji hayo na linaweza kushika moto. Lenye nyuzi za chuma lisiingie kabisa. Likitoka liachwe lipoe kabla ya kushikwa, kwa sababu maji ya katikati huwa bado yanachemka wakati sehemu ya juu inaonekana tulivu.

Sasa tumefika kwenye hatua inayoamua yote. Kitambaa chetu cha Aprili kimefuliwa na kuchemshwa, na saa ya bakteria waliobaki imeanza kuhesabu. Kikikunjwa na kutundikwa juu ya bomba, tabaka za ndani zinaweza kukesha zikiwa na unyevu, kwa sababu hewa ya jikoni wakati wa masika imekwisha kushiba maji na haina nafasi ya kupokea mengine. Kinachotakiwa ni kukikamua mpaka tone la mwisho, kukikung'uta, na kukitandaza kwenye kamba kikiwa tabaka moja, kimebanwa kwenye pembe mbili, mahali penye upepo. Jua likiwepo, litakamilisha kazi katika muda mfupi. Lisipokuwepo, upepo wa dirishani ni bora kuliko joto la kona iliyofungwa. Mvua ikiendelea siku nzima, kuna njia ambayo fundi cherehani yeyote angeitaja: pasi. Kitambaa cha pamba kilichokamuliwa, kikipigwa pasi ya moto hadi mvuke uishe, hupata joto la kuua na ukavu kwa mara moja. Ili kujua kama kimekauka, usiguse katikati, gusa pindo. Pindo likiwa baridi kwenye vidole, bado lina maji.

Hapo ndipo tofauti kati ya kitambaa na dodoki inapojitokeza. Kitambaa chembamba kina tabaka moja la kukausha. Dodoki lina unene wa sentimita mbili au tatu, na limetengenezwa makusudi ili lishike maji. Uso wake hukauka na kudanganya jicho, huku moyo wake umelowa. Ukitaka kuujua ukweli, libane kwa nguvu ndani ya karatasi laini kavu. Karatasi ikilowa, usiku mzima ulikuwa wa bakteria. Watafiti wa taasisi ya Nofima nchini Norwe, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2021 na 2022, waliweka bakteria wa salmonela katika madodoki na katika brashi za kuoshea vyombo. Katika madodoki yaliyobaki na unyevu salmonela waliishi na hata kuongezeka. Katika brashi zilizoachwa zikauke walipungua kwa kasi, kwa siku chache tu. Sababu si ufundi wa brashi, ni kwamba nywele zake zimeachana na hewa hupita. Kwa mantiki hiyohiyo, nyumba isiyoweza kukausha dodoki nene ingefanya vizuri kutumia brashi kwa kusugua na kitambaa chembamba kwa kufuta, na kuliacha dodoki kwa yule mwenye jua la uhakika au maikrowevu.

Wapo wanaotetea limau, siki na magadi kwa hoja kwamba harufu huisha kweli. Huisha, na sababu inajulikana. Magadi huzigeuza zile asidi zinazonuka kuwa chumvi zisizopaa hewani, kwa hiyo pua haipati habari. Limau hufunika kwa harufu yake yenyewe. Bakteria waliozitengeneza asidi hizo wamebaki, na jaribio la Maryland liliweka maji ya limau katika kundi moja na maji matupu. Sabuni za maji zinazotangazwa kuua vijidudu zina kasoro inayofanana. Mwaka 2002 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walizipima wakakuta kwamba zinaua vizuri bakteria waliomo katika maji matupu, lakini si wale waliomo ndani ya dodoki. Kulimiminia dodoki sabuni ya aina hiyo na kuliacha limelala katika povu lake usiku kucha ni kuliweka katika hali ileile ya unyevu iliyolichachisha.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi: vitambaa vilivyochacha vimekuwepo jikoni muda wote, na watu hawafi. Ni kweli. Bakteria wengi wanaotoa uchachu hawamdhuru mtu mwenye afya, na harufu yenyewe si ugonjwa. Lakini hoja hiyo inakata pande mbili. Bakteria wanaosababisha kuhara, kama salmonela na kampilobakta wanaotoka katika kuku mbichi, wanaweza kuwemo katika kitambaa kisichonuka chochote. Ni afadhali kuichukua harufu kama kipimo cha unyevu: inasema kwamba kitambaa hiki kimekaa na maji kwa muda wa kutosha kumlea yeyote atakayeingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mauritius waliotoa matokeo yao mwaka 2018 walichunguza taulo 100 za jikoni zilizotumika mwezi mmoja. Bakteria waliota katika 49. Taulo zilizokuwa na unyevu, na zile zilizotumika kwa kila kazi, kuanzia mikono hadi meza, zilikuwa na bakteria wengi zaidi. Huko ni kisiwani katika Bahari ya Hindi, penye joto na unyevu kama wa pwani yetu.

Kutokana na hilo, kitambaa kilichofuta maji ya kuku au ubao wa kukatia nyama kisingoje kunuka. Kiondolewe kazini palepale, kifuliwe, kichemshwe, na kisirudi kwenye vyombo kabla hakijakauka. Hili haliwezekani kwa nyumba yenye kitambaa kimoja, na ndiyo sababu jambo la kwanza la kununua si dawa, ni vitambaa zaidi. Vitatu vya pamba, hata vilivyokatwa kutoka shuka kuukuu, vinatosha: kimoja kazini, kimoja kwenye kamba, kimoja kikavu kikisubiri. Kila jioni cha kazini kinafuliwa na kuanikwa, na kesho kinaanza kile kikavu. Kwa mpango huo kuchemsha kunaweza kuwa mara mbili kwa wiki, maana hakuna kitambaa kinachopata usiku mzima wa maji. Chakula nacho kipunguzwe mapema: sufuria ya ugali iloweshwe na ikwanguliwe kwa mwiko, mafuta ya kikaango yafutwe kwa karatasi, ndipo dodoki liguse.

Kuhusu ushauri wa Wajerumani wa kutupa kila wiki, tusiupuuze, ila tuuwekee kipimo badala ya tarehe. Dodoki likishachemshwa na kukauka kabisa, lichovye katika maji ya uvuguvugu, likamue, na ulinuse baada ya dakika kumi. Likiwa halina harufu, lina kazi bado. Likinuka, utando umeshika ndani kuliko sabuni na joto vinavyoweza kufika. Lishushwe cheo likasugue sakafu ya bafu, au litupwe. Mwenye jua na kamba anaweza kulitumia dodoki moja kwa wiki kadhaa. Mwenye jikoni isiyo na dirisha ataliona limeshindwa mapema zaidi, na kwake gharama ya dodoki jipya kila mara inazidi ile ya vitambaa vitatu, kamba ya mita mbili na vibanio vinne.